Shajara ya mradi: hadithi fupi ya karani wa korosho

Novemba 4

Nimeanza hadithi mpya, na safari hii nataka kuandika kumbukumbu ya kazi yenyewe inavyokwenda. Kisa ni chembamba. Karani mwenye haya anampenda mwanamke anayewasiliana naye kikazi. Kila usiku anamwandikia meseji za kijasiri, za kumchombeza, na hazitumi. Mwishoni anatuma iliyo nyepesi kuliko zote.

Mhusika anaitwa Nassoro. Ni karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja mbele ya Mtama, upande wa barabara iendayo Masasi. Mwanamke anaitwa Somoe, karani wa ghala kuu Lindi mjini. Nimewaweka katika msimu wa korosho kwa sababu msimu ndio unaowafanya watu wawili wasiofahamiana waandikiane kila siku. Mkulima analeta korosho ghafi kwenye chama, zinakaguliwa, zinapimwa, anaandikiwa stakabadhi. Chama kinapakia magunia kwenye lori, lori linateremka hadi Mnazi Mmoja na kuingia Lindi, na huko ghala kuu wanapima upya kabla mzigo haujaingia mnadani. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kwa hiyo makarani wa umri wa Nassoro hawakumbuki mwingine. Kati ya mizani ya kijijini na mizani ya mjini ndipo penye mawasiliano, na ndipo penye hadithi yangu.

Leo nimeandika ukurasa wa kwanza tu. Meseji za Somoe zote ni za kazi: "Kaka Nassoro, lori limefika. Magunia 250. Nitumie uzito wenu." Naye anajibu: "Dada Somoe, kilo 20,040." Basi.

Novemba 6

Nilihitaji sababu ya kumpenda, na uzuri wa sura haunitoshi. Hawaonani. Nimekaa jioni nzima na mwenzangu mmoja aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi, nikamuuliza ni jambo gani mjini lingeweza kumfanya alale kwa amani. Hakufikiri mara mbili: "Upungufu usiokuwa wako, ukafutwa na mtu ambaye hakulazimika kuufuta."

Akanieleza. Korosho zikipokelewa zikiwa na unyevu zinaendelea kunyauka njiani na ghalani, na uzito unashuka. Huo upungufu husambaa: gunia hili limepoteza kidogo, lile kidogo, na jumla yake huwa namba isiyo na umbo. Kwa hiyo karani mzuri anachoma bambo kwenye gunia, anatoa korosho chache, anazitikisa kiganjani na kusikiliza. Iliyokauka inalia. Isiyokauka inakaa kimya, na anamrudisha mkulima akaanike. Lakini upungufu ukija mzima, kilo themanini na kitu kwa mpigo, hiyo si kunyauka. Gunia la korosho ni la kilo 80 hivi. Hapo ujue kuna gunia halipo, au lipo mahali pasipo pake.

Tukio limepatikana. Mzigo wa Nassoro umetoka na kilo 20,040, ghala kuu wamepima 19,959. Zimepungua 81. Viongozi wa chama wanamwangalia yeye, wakulima wameanza kunong'ona neno kangomba, kana kwamba ameuza gunia pembeni kwa walanguzi. Analala bila kula. Asubuhi inaingia meseji:

"Kaka Nassoro, si unyevu. Ni gunia. Nimelikuta kwenye lundo la chama kingine. Nimeshaandika. Usiwe na wasiwasi."

Somoe angeweza kuandika upungufu na kufunga daftari, utaratibu ungemlinda. Alirudi akahesabu malundo ya watu wengine. Namwona Nassoro akiisoma meseji hiyo amesimama, kisha anakaa juu ya gunia na kuisoma tena. Sentensi ya mwisho, "usiwe na wasiwasi", ndiyo ya kwanza katika mawasiliano yao yote isiyohusu mzigo. Nimeipa aya yake peke yake.

Novemba 9

Simu. Nimelipa jambo hili muda mwingi na sijutii.

Kama Nassoro angekuwa na simu kubwa, wangeandikiana WhatsApp, na hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Somoe angeona juu ya kioo neno "anaandika" likiwaka na kuzimika kwa saa nzima, na siri ya Nassoro ingekuwa imevuja kabla hajatuma kitu. Haya yake inahitaji chombo kinachotunza siri. Nimempa kitochi. Kijijini kinakaa na chaji siku kadhaa, na kina sehemu iitwayo Rasimu ambamo meseji isiyotumwa hulala bila mtu kujua.

Kitochi kimenipa zawadi nyingine. Ili kuandika jina la Somoe lazima ubonyeze 7 mara nne upate s, kisha o, m na o zote zinakaa kwenye kitufe kimoja, 6. Huwezi kuzifululiza. Unabonyeza o, unasubiri kialama kisogee, unabonyeza m, unasubiri, unabonyeza o tena. Mtu wa haraka ataandika jina hilo vibaya kila mara. Nassoro halikosei. Nimeandika aya ya kidole gumba chake kikisubiri katikati ya jina, na naamini msomaji atajua anampenda kabla mimi sijatamka.

Novemba 13

Sasa rasimu zenyewe. Nimejiwekea sharti moja: ziwe nzuri. Ni rahisi kumpa mtu mwenye haya meseji mbovu ili tumcheke, halafu ile nyepesi ionekane dhahabu. Hiyo ni hila, na ni kumdharau mtu. Nassoro amekulia pwani, kwao wanaume wanajua kutunga. Haya yake ipo katika kutuma, kutunga hakumshindi.

Rasimu ya kwanza ni ubeti. Tarbia kamili, mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, kina cha kati na cha mwisho:

Somoe ua la pwani, harufu yako ni tamu,
Umeningia moyoni, umeishika kalamu,
Nikiwa pale ghalani, hesabu zaniwa ngumu,
Nitoe humu kizani, nijibu nikate hamu.

Nilipomaliza nilihesabu herufi kama kitochi kinavyohesabu, nafasi na alama zote ndani. Zimefika 156. Meseji moja hubeba 160. Yaani ubeti wa watu wazima wa Kiswahili unaingia kwenye meseji moja ukiwa umebanwa pande zote, na zinabaki herufi nne. Jina Nassoro lina herufi saba. Hawezi kuweka sahihi bila kulipia meseji ya pili.

Nimeliacha hivyo hivyo kwenye hadithi. Anaangalia namba ya kona ya kioo ikishuka, anakuta 4, anatafuta neno la kufuta ili jina liingie, na kila neno analogusa linavunja mizani. Ubeti umekamilika na yeye hayumo. Anauweka Rasimu.

Novemba 15

Rasimu ya pili ni ya utani wa kazini: "Dada Somoe, nimekagua magunia ya wilaya nzima, daraja la kwanza ni wewe tu. Wengine wote daraja la pili." Ina ucheshi, na mwanamke angeweza kucheka. Lakini nimemfanya Nassoro asimame kwenye neno "dada". Analifuta. Bila hilo, meseji inabadilika rangi papo hapo. Aliyekuwa anamtania mwenzake wa kazi sasa anamtaka. Anarudisha "dada". Anafuta tena. Nusu ukurasa umekwenda kwenye neno hilo moja, na ndiyo nusu ninayoipenda zaidi mpaka sasa. Kwa watu wa huku, kumwondolea mtu "dada" ni hatua kubwa kuliko kumwita ua.

Rasimu ya tatu ni kali: "Somoe, nikifumba macho nakuona umeinama juu ya daftari. Natamani ningekuwa karatasi." Hapo hakuna dada, hakuna vina, hakuna korosho. Ni mwili unaosema. Mwenzangu karani aliposoma alinyamaza, kisha akasema, "Hii angeituma, angepata jibu. Sijui jibu gani, lakini angepata."

Tumelijadili hilo kwa kirefu. Mimi naona tatizo liko upande wa Somoe. Yeye ndiye anayepokea mzigo wa Nassoro, ndiye anayeandika upungufu wake. Akipokea meseji ya karatasi, kesho asubuhi lori likifika ataandikaje "Kaka Nassoro, magunia 250"? Akikubali, lazima akubali yote kwa mara moja. Akikataa, lazima amkatae mtu ambaye atamwandikia tena kabla ya saa nne. Meseji nzito inamfunga anayeipokea. Nassoro analijua hili bila kulisema, na ndilo linalomzuia, zaidi ya woga. Nilipoliona hivyo, haya yake ilipata heshima mpya machoni pangu.

Novemba 16

Ya nne, kwa ufupi: mwaliko wa kuja kijijini Jumapili kula ming'oko. Ni tamu lakini hainipi kitu kipya. Nimebakiza sentensi moja yake na kukata mengine.

Novemba 20

Siku nzima ya kutafuta meseji ya mwisho. Nilikuwa na "Habari za jioni?" Ni nyepesi, ndiyo, lakini inaweza kutumwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote, na msomaji aliyevumilia rasimu zote atahisi amepunjwa. "Asante kwa lile gunia" inarudi kazini. "Nimekukumbuka" ni nyepesi kwa maneno tu. Ndani yake ni nzito sawa na ya karatasi.

Nikajiuliza Nassoro anajua nini kuhusu maisha ya Somoe nje ya ghala. Kwa jinsi nilivyoandika, hakuna. Wanaandikiana uzito tu. Basi lazima kitu kipenye kupitia meseji za kazi zenyewe, na kipenye mapema, bila kuonekana kwamba kina maana.

Hapo nikakumbuka Kitunda. Mji wa Lindi umekaa ukingoni mwa ghuba, na Kitunda iko ng'ambo. Watu wanavuka maji kuja mjini asubuhi na kurudi jioni. Nimemhamishia Somoe huko. Kwenye ukurasa wa kwanza, kati ya meseji za magunia, nimepachika hii:

"Kaka Nassoro nitumie uzito kabla ya saa kumi na moja, nisikose chombo cha kuvukia."

Msomaji ataipita kama maelezo ya kazi. Nassoro hakuipita. Tangu siku hiyo hesabu zake zinafika saa kumi kamili, hata siku ambayo wakulima wamejaa na mizani haijapumzika. Sikueleza kwa nini. Nimeonesha saa tu.

Na meseji ya mwisho ni hii: "Umeshavuka?"

Neno moja. Halina jina, kwa hiyo suala la dada limejimaliza lenyewe. Na halimfungi, anaweza kujibu "ndiyo" na kesho magunia yakaendelea bila aibu kwa yeyote. Wakati huohuo hakuna mtu mwingine wa kazini ambaye angeliuliza, kwa sababu kuliuliza kunataka uwe umebeba ile sentensi ya chombo tangu mwanzo wa msimu. Zile nne zinaeleza anavyojisikia yeye. Hii inamwangalia Somoe alipo jioni hiyo, majini au ufukweni.

Novemba 23

Nimekata njia moja iliyokuwa ikinivuta: kidole kiteleze, rasimu ya karatasi iende yenyewe, kisha patokee kizaazaa. Wasomaji wawili wa mwanzo walilitaka hilo. Lakini kama simu ndiyo iliyotuma, Nassoro hajafanya kitu, na hadithi nzima inahusu atakachofanya. Kitufe cha Tuma lazima kibonyezwe na yeye, akiwa anajua.

Nilihitaji pia kisukumo cha jioni hiyo. Nimeleta upepo. Mwishoni mwa Novemba kusi imeshakwisha na kaskazi inaanza kuingia; mchana kutwa bati la ghala kijijini linapigapiga, wakulima wanakimbiza korosho zilizoanikwa kabla ya mvua. Nassoro yuko mbali na bahari lakini anasikia upepo huohuo. Lori la siku hiyo limechelewa kwa tope, hesabu zimefika mjini saa kumi na moja kasoro kidogo. Anajua amemchelewesha. Giza linaingia, na yeye hana habari kama chombo kilimngoja.

Sehemu ya uamuzi nimeiandika fupi:

"Alifungua Rasimu akazipitia. Ubeti ulikuwa pale, na daraja la kwanza, na karatasi. Hakuna iliyouliza kitu alichotaka kukijua. Alirudi mwanzo, akaandika neno moja. Namba ya kona ilisomeka 149. Akabonyeza Tuma, kisha akaweka simu juu ya mizani, ikaonesha sifuri, kwa sababu mizani ile haitambui kitu chepesi namna hiyo."

Mwenzangu amenihakikishia kwamba mizani ya jukwaa ya kupimia magunia haisogei kwa uzito wa kitochi. Kwa hiyo sentensi ya sifuri inabaki.

Novemba 27

Jibu liwepo au lisiwepo? Nilipima kwa kusoma mara zote mbili kwa sauti. Bila jibu, msomaji anabaki na Nassoro na kumhurumia, na sitaki ahurumiwe baada ya kufanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Nikiweka jibu la mapenzi, "nami nilikuwa nikikuwaza", nimemrudisha Somoe kwenye ulimwengu wa zile rasimu ambao Nassoro ameuacha. Somoe hajawahi kuuona ubeti. Anajibu alichoulizwa, kwa namna yake ya mtu anayerudi kuhesabu malundo:

"Bado. Upepo umekaza, tunasubiri. Wewe umeshakula?"

Hapa kuna jambo limetokea: hakuna "kaka". Sikulitaja popote kwenye masimulizi. Anayeikumbuka nusu ukurasa ya rasimu ya pili ataliona, na asiyeikumbuka bado ana swali la chakula, ambalo linatosha. Nassoro hajala. Tangu kisa cha gunia, msomaji anajua kwamba mtu huyu akiwa na wasiwasi hali. Somoe hajui, ameuliza tu, na ameuliza panapouma.

Nimemaliza kwa Nassoro kuanza kuandika jibu. Sisemi anaandika nini.

Novemba 30

Msomaji wangu mwingine, dada mmoja wa Mtwara mjini anayefahamu maisha ya maghala, amesoma yote. Amenirekebishia jambo moja la maana: karani wa ghala kuu hafungi hesabu akiwa peke yake, kuna mpimaji, kuna wapagazi, kuna mlinzi anayesubiri funguo. "Mwanamke huyu umemwacha peke yake mno, mdogo wangu," ameniambia. "Mpe mtu wa kumwita jina." Ana haki. Nimemwongezea mzee wa mizani anayemwita "mwanangu" na kumhimiza awahi chombo, na sasa ile meseji ya saa kumi na moja ina chanzo: mzee ndiye aliyemwambia aitume.

Kilichobaki ni sehemu ya mnada katikati ya hadithi. Imekuwa ndefu. Nilieleza jinsi korosho zinavyokatwa ili kujua zinatoa ratili ngapi za kiini kwa kila gunia la kilo 80, kwa sababu ratili ndizo wanunuzi wanazozitazama, na makarani wa kijijini wanasubiri matokeo hayo kwa hamu kubwa. Ni ya kweli na naipenda, lakini inakuja wakati msomaji anataka kurudi kwenye kitochi. Nitabakiza meseji moja tu ya Somoe: "Mzigo wenu umetoa ratili 50. Hongereni." Nassoro anaisoma kwa wakulima kwa sauti, na wanashangilia, na yeye ndani ya wingi huo wa "hongereni" anajitafutia sehemu yake.

Wiki ijayo naikata hiyo, kisha naipeleka nakala safi kwa mwenzangu karani, asome sehemu ya bambo kwa mara ya mwisho.